Wasifu wa video kutoka vipande ulivyo navyo: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana vipande vya video kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye vikundi vya WhatsApp, na anataka kuviunga viwe utambulisho mmoja wa kuombea kazi au ufadhili wa masomo. Kabla ya yote, soma tangazo neno kwa neno. Wapo waandaaji wanaotaka ujirekodi mfululizo, bila kukata wala kuunga. Hao wapelekee wanachotaka, na vipande vyako viache vilipo. Yanayofuata ni kwa pale ambapo kuhariri kunaruhusiwa.

Tutatembea na mfano mmoja. Mwombaji ni mhitimu wa uhandisi wa maji, anaomba ufadhili wa shahada ya uzamili. Tangazo linataka video isiyozidi sekunde 90 na faili lisilozidi megabaiti 100, la aina ya MP4. Ana vipande vinne. Cha kwanza kilirekodiwa kwa aifoni akiwa mtoni anapima kasi ya maji. Cha pili ni cha wima, alitumiwa na mwenzake kwa WhatsApp, kinamwonyesha akifunga pampu. Cha tatu ni rekodi ya Zoom ya siku aliyowasilisha utafiti wake. Cha nne amekaa chumbani jioni akijieleza mbele ya simu ya Android.

Ameviunga vyote, na kila kitu kimeharibika kwa namna yake: midomo haiendi na sauti, mto umepauka, pampu imezungukwa na weusi, na sauti inaruka juu na chini. Mtu akikutana na hali hii huanza kurekebisha ndani ya programu ya kuhariri, kasoro moja baada ya nyingine, hadi usiku wa manane. Mimi ningemwambia afunge programu hiyo kwanza. Karibu kila kasoro hapo imetoka kwenye vipande vyenyewe, kwa sababu kila kimoja kilizaliwa na kifaa tofauti na kina kanuni zake. Tiba ni kuvichunguza kimoja kimoja, kuvifanya viwe na umbo moja, ndipo uviunge.

Kuchunguza kipande kabla ya kukigusa

Ukiwa na kompyuta, weka programu ya bure iitwayo FFmpeg. Inakuja na kifaa kidogo kiitwacho ffprobe, nacho kinakusomea yaliyomo ndani ya faili. Amri huandikwa kwenye Terminal au Command Prompt ya kompyuta, na mahali pa `kipande.mp4` weka jina la faili lako:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,width,height,r_frame_rate,avg_frame_rate,color_transfer -of default=noprint_wrappers=1 kipande.mp4
```

Majibu yake ni mistari michache tu. `width` na `height` ni upana na urefu wa picha. `codec_name` ni namna picha ilivyobanwa: `h264` inafunguka karibu kila mahali, `hevc` haifunguki kila mahali. `r_frame_rate` na `avg_frame_rate` zinahusu idadi ya fremu kwa sekunde, na `color_transfer` inahusu rangi. Andika majibu ya kila kipande kwenye karatasi, kwa maana utayarejea katika kila dalili inayofuata.

Dalili: midomo na sauti haviendi pamoja

Hii ndiyo inayowatesa watu kuliko zote, na mara nyingi hutibiwa kwa dawa isiyo yake. Kwanza ondoa uwezekano wa vifaa vya masikioni visivyo na waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na si kila programu ya kuhariri inafidia ucheleweshaji huo. Sikiliza kwa spika ya kompyuta au kwa vifaa vya waya. Kasoro ikitoweka, video yako haina ugonjwa.

Ikibaki, tafuta neno ambalo midomo inafumba: "mimi", "baba", "naomba". Sogeza fremu moja moja hadi uone midomo imegusana, kisha usikilize kama sauti ya *m* au *b* inatokea papo hapo. Fanya hivyo mwanzoni mwa kipande, katikati na mwishoni.

Kama pengo ni lile lile mwanzo hadi mwisho, sauti imehama tu. Itenganishe na picha ndani ya programu, uisogeze fremu chache, kazi imekwisha.

Kama mwanzoni mambo yako sawa na pengo linakua kadiri kipande kinavyoendelea, tatizo ni kiwango cha fremu kinachobadilika. Simu nyingi hazirekodi fremu 30 kila sekunde bila kukosa. Mwanga ukipungua, kamera inahitaji muda mrefu zaidi kwa kila fremu, kwa hiyo inapunguza idadi yake. Sauti yenyewe huendelea kwa mwendo ule ule. Faili huandika kila fremu ionekane saa ngapi, na simu inapoicheza inafuata maandishi hayo, ndiyo maana kwenye simu huoni kasoro yoyote. Baadhi ya programu za kuhariri hazifuati. Zinachukulia kwamba fremu zote zina urefu sawa na kuzipanga moja nyuma ya nyingine.

Ndicho kilichompata mwombaji wetu kwenye kipande cha nne, kilichorekodiwa jioni. Kina urefu wa sekunde 60, lakini ndani yake mna fremu 1,740 badala ya 1,800, yaani wastani wa 29 kwa sekunde. Programu ikizipanga kwa mwendo wa 30, picha inaisha kwenye sekunde ya 58 huku sauti ikiwa bado ina sekunde mbili mbele yake. Kwa mtazamaji, midomo inatangulia kidogo kidogo, hadi mwishoni anaaga kwa mdomo kabla hajasikika. Kusogeza sauti hakusaidii, kwa sababu ukiirekebisha mwisho, unaiharibu mwanzo.

Kwenye karatasi yako, kipande cha namna hii hujulikana kwa `r_frame_rate` na `avg_frame_rate` kutofautiana: kimoja kinasema `30/1`, kingine kinatoa sehemu ambayo ukiigawanya unapata kitu kinachokaribia 29. Tiba ni kukiandika upya kabla ya kukihariri:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -af aresample=async=1 -c:a aac -b:a 192k -ar 48000 sawa.mp4
```

Hapo `fps=30` inarudia fremu pale zilipopungua ili kila sekunde iwe na 30 kamili. `aresample=async=1` inaziba mianya kwenye sauti, na `-ar 48000` inaipa sauti kiwango kimoja cha sampuli, kwa sababu vipande vingine huja na 44,100. Namba 18 baada ya `-crf` ni ya ubora: ikishuka, faili linakuwa kubwa na safi zaidi. Asiyependa kuandika amri atumie HandBrake. Katika sehemu ya Video achague 30 kwenye Framerate, atie alama kwenye Constant Framerate, na RF aiweke 18.

Pitisha vipande vyote vinne kwenye amri hiyo, hata vile ambavyo havijaonyesha dalili. Rekodi za mikutano ya mtandaoni na za skrini nazo hubadilika fremu, tena mara nyingi, na kile cha Zoom kitakusumbua baadaye ukikiacha. Kikiwa cha fremu 25 na ukakipeleka 30, mwendo unaweza kushtuka kidogo, ila kwa mtu aliyesimama kando ya slaidi hakuna atakayeona.

Dalili: sauti inapanda na kushuka kila kipande kinapobadilika

Mtazamaji anayeongeza sauti ili asikie kipande cha kwanza, kisha akapigwa na kelele ya cha pili, ana sababu ya kufunga video. Pima badala ya kubahatisha:

```
ffmpeg -i sawa.mp4 -af volumedetect -f null -
```

Mwishoni utaona `mean_volume` na `max_volume`. Kwa mwombaji wetu wastani ulikuwa hivi: mtoni −19, Zoom −33, chumbani −26, vyote kwa desibeli. Tofauti ya desibeli 10 husikika kama sauti imeongezeka maradufu, kwa hiyo pengo la 14 kati ya mto na Zoom si dogo.

Sasa jiulize swali ambalo programu haiwezi kukujibia: je, sauti ni ndogo, au ni mbaya? Sauti ndogo ni safi, imepungukiwa nguvu tu. Hiyo inainuliwa. Kata kwanza sehemu utakayotumia, kisha:

```
ffmpeg -i sehemu.mp4 -c:v copy -af "highpass=f=80,loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11" -ar 48000 -c:a aac -b:a 192k sehemu_sawa.mp4
```

`highpass=f=80` inapunguza mngurumo wa chini, wa upepo na wa feni. `loudnorm` inaleta sauti zote kwenye usawa wa −16 LUFS, kipimo cha sauti kama sikio linavyoisikia, unaofaa kusikilizwa kwa simu na kompyuta. Usiiache `-ar 48000`, maana bila hiyo `loudnorm` inaweza kutoa sauti yenye kiwango cha sampuli kikubwa mno.

Sauti mbaya ni jambo jingine. Mwangwi wa ukumbi ukiuinua, unainua mwangwi. Sauti iliyopasuka kwa sababu mtu alikuwa karibu mno na maikrofoni imekatwa vilele vyake, na hakuna kitufe kinachorudisha kilichokatwa. Utaijua kwa `max_volume` kuwa 0.0 na kwa mkwaruzo kwenye maneno yenye nguvu. Kipande cha mtoni kilikuwa hivyo: upepo ulifunika karibu kila neno. Hapo usipoteze jioni nzima ukitafuta kichujio. Toa sauti ya mazungumzo, ubaki na picha.

Utasema: sasa nani ataeleza? Wewe, kwa simulizi moja iliyorekodiwa upya. Hili kwangu ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Vipande vya zamani vina picha ambazo huwezi kuzirudia, kwa sababu mto ulishapimwa na pampu ilishafungwa. Sauti, kinyume chake, unaweza kuirekodi leo. Ukiwa na sauti moja inayotembea kutoka mwanzo hadi mwisho, vipande vilivyotoka sehemu nne vinaungana vyenyewe, na tofauti za ubora wa picha zinasameheka.

Rekodi simulizi kwa mkao mmoja, siku moja, ili sauti isibadilike katikati. Chumba chenye mapazia, kitanda na nguo hufyonza mwangwi kuliko sebule tupu yenye sakafu ngumu. Weka simu kama sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya *p* na *b* isipige moja kwa moja kwenye maikrofoni. Zima feni. Kabla ya kuanza kusema, nyamaza sekunde tano huku simu inarekodi. Ukimya huo wa chumba utaupachika kwenye mapengo kati ya sentensi, kwa sababu ukimya kamili wa kompyuta husikika kama video imekatika. Sauti ya mto au ya pampu iache chini ya simulizi, ipungue desibeli 18 hadi 20 kuliko sauti yako.

Kasoro mbili ndogo za kumalizia. Sauti ikisikika sikio moja tu, ongeza `pan=mono|c0=c0` mwanzoni mwa orodha ya `-af`, au `c0=c1` kama iko upande wa pili. Ukisikia kidoko kila unapounga, ipe sauti mfifio mfupi wa fremu mbili au tatu kila upande wa kiungo.

Dalili: picha imepauka, au anga limekuwa jeupe pe

Kipande cha aifoni kilikuwa kizuri kwenye simu yenyewe, lakini kwenye mradi nyuso ni za kijivu na mawingu yametoweka. Tazama `color_transfer`. Ikiandika `arib-std-b67` au `smpte2084`, kipande hicho ni cha HDR, yaani kimebeba mwanga mpana kuliko ule wa video za kawaida, zinazoandikwa `bt709`. Aifoni kuanzia toleo la 12 zinaweza kurekodi hivyo, na wengi hawajui kama kipengele hicho kimewashwa. Programu inapochanganya HDR na ya kawaida bila kutafsiri mwanga, ndipo rangi hufifia.

Usihangaike na vitelezi vya mwangaza na rangi. Tafsiri kipande chenyewe, ukianzia kwenye faili la asili:

```
ffmpeg -i mto.mov -vf "zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=hable:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv,format=yuv420p,fps=30" -c:v libx264 -crf 18 -af aresample=async=1 -c:a aac -b:a 192k -ar 48000 mto_sawa.mp4
```

Kama utarekodi chochote kipya kwa aifoni hiyo, zima HDR Video kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Record Video.

Dalili: kipande kina ukungu na vijisanduku

Kipande cha pampu kilipita WhatsApp. Ukituma video kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana ili iwe nyepesi, na maelezo madogo ya picha yanaondolewa kabisa. Kukikuza baadaye kunakuza vijisanduku tu, na kukinoa kunavionyesha zaidi.

Tiba ya kweli iko kwa aliyerekodi. Mwandikie: "Kaka, ile video ya pampu bado unayo kwenye simu yako? Nitumie kama Document tafadhali, usiitume kama video." Kwa njia ya Document faili linakuja kama lilivyo, bila kubanwa upya. Ujumbe huo mmoja una faida kuliko kichujio chochote ninachokijua.

Kama alishaifuta, kipande kitumie kwa sekunde tatu au nne, na ukiweke kwenye eneo dogo la skrini badala ya kukitandaza. Picha ndogo huficha mengi.

Dalili: weusi pande zote mbili za kipande cha wima

Video yako ina upana wa pikseli 1920 na urefu wa 1080. Kipande cha wima kikitoshezwa humo kinapata upana wa pikseli kama 608 tu, chini kidogo ya theluthi moja ya skrini. Ukikikuza hadi kijaze upana wote, unapoteza karibu theluthi mbili za urefu wake: ama kichwa, ama mikono inayofanya kazi. Mtindo wa kuweka nakala ya kipande hicho hicho nyuma, iliyotiwa ukungu, unaondoa weusi, ingawa theluthi mbili za skrini zinabaki hazisemi kitu.

Ninachopendelea ni kusukuma kipande upande mmoja na kuandika upande wa pili. Kwa pampu yetu, kipande kilikaa kushoto, kulia pakaandikwa mistari mitatu: kazi iliyofanyika, mwaka, na nafasi yake katika kazi ile. Nafasi iliyokuwa tupu sasa inabeba taarifa ambayo simulizi haina muda wa kuisema. Maandishi yawe makubwa kiasi cha kusomeka video ikitazamwa kwenye simu. Punguza dirisha la kompyuta hadi liwe na ukubwa wa simu uone.

Kipande kikilala ubavu, yaani watu wameegemea upande, faili lina alama ya kuzungushwa ambayo programu yako haikuisoma. Amri ya `fps=30` hapo juu inakizungusha yenyewe.

Dalili: mtazamaji ameiona yote na bado hajui wewe unafanya nini

Video sasa ni safi. Mpe mtu asiyeijua kazi yako aitazame mara moja, kisha umuulize: huyu ni nani, amefanya nini, anataka nini? Akijibu "ni mtu wa maji hivi", tatizo limehama kutoka kwenye faili hadi kwenye mpangilio.

Chanzo cha kawaida ni kuanza na vipande na kutafuta maneno ya kuvifuata. Vipande vya zamani vilirekodiwa kwa kumbukumbu. Vinaonyesha tukio, watu kumi wakiwa mtoni, na kati yao mtazamaji hajui wewe ni yupi. Geuza utaratibu: andika simulizi kwanza, isome kwa sauti ukiwa na saa mpaka iingie kwenye sekunde 80, ukibakiza 10 za pumzi. Ndipo kila sentensi uitafutie picha. Sentensi isiyo na picha isemwe na uso wako. Picha isiyo na sentensi, hata kama unaipenda, itoke.

Simulizi ya kwanza ya mwombaji wetu ilisema: "Nina shauku kubwa na masuala ya maji na nimeshiriki katika miradi mbalimbali ya kijamii." Juu yake palikuwa na sekunde 14 za mto. Hakuna neno hapo lililohitaji mto ule, na maneno yenyewe yangemfaa mwombaji yeyote. Aliibadilisha iwe: "Hapa napima kasi ya maji kwa kina tofauti, ili tujue mto huu unabeba maji kiasi gani wakati wa kiangazi." Kipande kikakatwa kuanzia pale mkono wake unaposhusha kipimo majini, kwa sekunde sita. Alipotamka "napima", mkono ulikuwa unapima, na hapo mtazamaji akajua yeye ni yupi kati ya wale watu bila kuchorewa mshale.

Mpangilio wa mwisho ulikuwa hivi. Sekunde 10 za kwanza ni uso wake, kutoka kipande cha nne, akitaja jina na anachoomba. Kisha mto, kwa sekunde 6 na baadaye 8 nyingine, na kati yake pampu kwa sekunde 12 pamoja na maandishi. Zoom ilipata 14, nazo zikaonyesha grafu moja tu aliyokuwa anaieleza. Zilizobaki, 35 au zaidi kidogo, zilirudi usoni, akieleza swali la utafiti anaotaka kuufanya na kwa nini programu ile ya masomo ndiyo inayolifaa. Jumla ilifika sekunde 86. Utaona kwamba sehemu kubwa kuliko zote ni yeye akizungumza, na ndivyo inavyotakiwa: vipande ni ushahidi wa maneno yake.

Kwa kuwa uso wa kipande cha nne ulikuwa umerekodiwa jioni na mwanga ukiwa hafifu, sehemu hii ya mwisho aliirekodi upya mchana, akiwa ameelekea dirishani. Nguo alivaa ile ile.

Pitia pia ni nani wengine wanaoonekana. Rekodi ya Zoom ilikuwa na nyuso na majina ya washiriki pembeni. Ikakatwa ikabaki slaidi na yeye. Wanafunzi, wagonjwa, watoto, na skrini zenye taarifa za ofisi visiingie kwenye video yako bila ruhusa. Jopo linalokusoma linatazama pia jinsi unavyotunza ya wengine.

Dalili: faili linakataliwa, au linafunguka bila picha

Sauti inasikika na skrini ni nyeusi: mara nyingi faili limebanwa kwa HEVC na kompyuta ya mpokeaji haina kisomaji chake. Inawezekana pia ni H.264 yenye rangi za biti 10, ambayo vivinjari vingi havifungui. Kubadilisha jina kutoka `.mov` kwenda `.mp4` hakubadilishi kilichomo ndani.

Faili likiwa zito, usipunguze kwa kukisia. Megabaiti 100 ni megabiti 800. Gawanya kwa sekunde 90, unapata karibu 8.9 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Ukichukua 6 kwa picha, faili litatoka likiwa kama megabaiti 70, na nafasi inabaki:

```
ffmpeg -i mwisho.mov -c:v libx264 -b:v 6M -maxrate 8M -bufsize 12M -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart wasilisha.mp4
```

Kikomo kikiwa megabaiti 25, hesabu ile ile inakupa karibu 2.2. Hapo shusha picha iwe 1280 kwa 720 kwa kuongeza `-vf scale=1280:720`, na `-b:v` iwe `1800k`, `-maxrate` `2200k`, `-bufsize` `3600k`, na sauti `128k`. Picha ndogo iliyo safi inapendeza kuliko kubwa yenye vijisanduku. `+faststart` inaweka faharasa ya faili mwanzoni, ili video ianze kucheza kwenye kivinjari kabla haijapakuliwa yote.

Dalili: wanasema kiungo hakifunguki

Kwenye YouTube, Private inaonekana kwa uliowaalika tu, na Unlisted inaonekana kwa yeyote mwenye kiungo. Unayoihitaji ni Unlisted. Kwenye Google Drive, badilisha Restricted iwe Anyone with the link, na haki iwe Viewer. Ukiwa umeweka muziki wa mtu, YouTube inaweza kuutambua na kuizuia video katika baadhi ya nchi, kwa hiyo mimi ningeuacha kabisa, simulizi inatosha.

Usijaribu kiungo kwenye kivinjari ulichoingia kwa akaunti yako, maana wewe utafunguliwa kila mara. Fungua dirisha la faragha, bandika kiungo, utazame video hadi sekunde ya mwisho. Kisha rudia kwa simu ya mtu mwingine, ikiwa kwenye data na si kwenye Wi-Fi yako. Video mpya huanza kuonekana kwa ubora wa chini huku mtandao ukiiandaa, kwa hiyo ipakie angalau siku moja kabla ya kufunga maombi, na faili la `wasilisha.mp4` usilifute mpaka majibu yatoke.